Fanya juu zangu tatu zimepasuka mahali pamoja: nirudie au nipande majani tu?

Swali: Jamani wakulima, shamba langu liko Magarini, upana mita 40, linateremka mita 60 hivi kutoka barabara ya murram mpaka mkondoni. Nilichimba fanya juu tatu, yaani mitaro ya kukata mteremko yenye tuta la udongo upande wa juu, kabla ya masika. Mvua ya Mei ikazipasua zote tatu katikati, na sasa pana korongo. Nirudie, au nipande majani tu?

Pole sana ndugu yangu. Tuta lako la kwanza lilizidiwa mahali palipokuwa chini kuliko kwengine, maji ya upana wote wa shamba yakapita hapo kwa pamoja, na tuta la pili na la tatu hayakuwa na nafasi. Kwa hiyo kazi yako inaanzia juu, kwenye barabara. Ukianza kwa kuziba korongo huko chini, mvua ya kwanza itakufungulia tena.

Kwanza pima mteremko. Chukua kamba ya mita 10, miti miwili iliyo sawa kwa urefu, na pimamaji ndogo ya kuning'iniza katikati ya kamba. Mmoja asimame juu, mwengine ashuke moja kwa moja kuelekea mkondoni mpaka kamba ikaze, kisha mwenye mti wa juu ateremshe kamba yake mpaka pimamaji ikae sawa. Alivyoiteremsha ndiyo tofauti ya urefu: sentimita 80 ni mteremko wa asilimia 8. Nitachukulia shamba lako ni hivyo. Wewe upime lako.

Kanuni inayotumika hapa Kenya ni hii: asilimia ya mteremko igawe kwa 4, ongeza 2, kisha zidisha kwa 0.3. Kwa 8 unapata mita 1.2, yaani kila tuta liwe mita 1.2 chini ya lililotangulia. Ukitembea juu ya ardhi, hiyo ni kama mita 15 kutoka tuta hadi tuta. Katika mita 60 basi matuta matatu yanatosha, na idadi yako haikuwa na kosa.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo linaloamua yote. Katika fanya juu udongo unarushwa upande wa juu, kwa hiyo maji ya shamba yanasimama nyuma ya tuta, si ndani ya mtaro. Kwa mteremko wa asilimia 8, tuta lenye kimo cha sentimita 30 linashika kama mita 0.56 za ujazo kwa kila mita moja ya urefu wake. Ukigawanya ujazo huo kwa mita 15 za shamba zilizo juu ya tuta, ni sawa na milimita 37 za maji yanayotiririka. Lakini likiwa na mahali pamoja palipobonyea kikabaki kimo cha sentimita 15, tuta lote linashika milimita 9 tu. Kimo kimepungua nusu, uwezo umebaki robo, na kinachozidi chote kinatokea kwenye ule mbonyeo. Kulichimba tuta liwe nene zaidi hakusaidii kitu ikiwa mgongo wake haukulingana.

Mbonyeo huletwa na mambo mawili. La kwanza ni mstari uliopigwa kwa macho. Tumia ile ile kamba na pimamaji ukivuka shamba, chomeka kigingi kila mita 5, na vigingi vinavyojitokeza sana visogeze kidogo mstari ujipinde taratibu. La pili ni tuta kushuka likishakaa. Udongo mpya huketi, hivyo lipandishe mpaka sentimita 40 upate 30, ukilishindilia kwa miguu kila tabaka. Ukimaliza, rudisha pimamaji juu ya mgongo wa tuta lenyewe, mwanzo hadi mwisho. Wengi wanapima ardhi kabla ya kuchimba na hawapimi tuta baada ya kuchimba. Ncha mbili za tuta zikunje zielekee juu kidogo, maji yasizunguke pembeni.

Mtaro uwe na upana na kina cha sentimita 60, na kati yake na tuta uache ukingo wa sentimita 20 usioguswa, la sivyo udongo utarudi shimoni. Ndani ya mtaro acha vizuizi vya udongo kila mita 5 au zaidi, vifupi kuliko kingo, maji yasikimbie upande mmoja. Mitaro mitatu ya mita 40 ni mita 120, ambazo ni kama mita 43 za ujazo wa udongo. Mtu mmoja akichimba mita 5 kwa siku, ni siku 24 za kibarua.

Kabla ya hayo yote, maji ya barabara yakingwe. Chimba mtaro wa kukinga juu kabisa ya shamba, udongo ukirushwa upande wa chini, na huu usiwe sawa kabisa: ushuke sentimita 5 kwa kila mita 10 kuelekea pembeni, utoke penye nyasi nzito. Zungumza na jirani mapema, maana maji yakimwagikia shambani kwake umehamisha korongo tu.

Korongo lenyewe lijaze kwa tabaka za sentimita 15, ukilowesha na kushindilia. Tuta linapolivuka, lipandishe sentimita 10 hadi 15 zaidi ya kwengine, kwa sababu udongo wa kujaziwa ni wa kina na utashuka zaidi. Upande wa chini weka magunia ya mchanga.

Kuhusu majani: yatakufaa peke yake ikiwa udongo ni mchanga mtupu. Lowesha konzi moja uifinyange. Isiposhikana kuwa tonge, kuta za mtaro zitaanguka kila mvua. Hapo acha kuchimba, panda mikanda ya nyasi yenye upana wa mita 1 kwenye mistari ile ile. Ukiwa na udongo unaoshikana, nyasi zipandwe juu ya tuta mvua za mwanzo. Vetiva ipande sentimita 10 hadi 15 kati ya shina na shina. Mbuzi hawaipendi ikishakomaa, na kwetu hilo ni faida. Makarikari inavumilia ukame na ni malisho. Matete mimi siyapendelei hapa, yananyonya maji ya mahindi yaliyo karibu.

Dereva wa trekta atataka kulima juu-chini kwa sababu hageuzi mara nyingi. Mkatalie. Kila mfuo wa plau unaoshuka ni mfereji unaolisha ule mbonyeo. Aanze kando ya tuta la juu na kando ya tuta la chini, akija katikati. Matuta hayataenda sambamba kila mahali, kwa hiyo mistari mifupi ibaki katikati ya kipande, isiishie kwenye tuta.

Baina ya mistari ya mahindi panda kunde, zile zinazotambaa, wiki mbili baada ya mahindi. Hazitafunika ardhi mwezi wa kwanza, na mvua kubwa huja wakati huo, kwa hiyo mabua ya msimu uliopita usiyachome. Yalaze kukata mteremko. Baada ya kila mvua kubwa pita kwenye matuta uangalie takataka zilipojikusanya: zikiwa zimerundikana mahali pamoja, hapo ndipo pameshuka, na makarai machache ya udongo siku hiyo hiyo yanatosha.