Lengo la kea plani "halipimiki" maana yake nini?

"Wakuu, niko fildi mara ya kwanza, wodi ya watoto. Instrakta kanirudishia kea plani kaandika 'lengo halipimiki'. Nilikuwa nimeandika 'mtoto atapata maji ya kutosha mwilini'. Nirekebishe vipi?"

Hajakuonea mdogo wangu, hiyo "ya kutosha" utaijua kwa dalili gani, na kufikia saa ngapi? Mimi yangu ya kwanza niliandika "nitampa mtoto ORS", nikaulizwa mbele ya wenzangu, hilo ni lengo la mtoto au ni kazi yako wewe? Niliona aibu siku nzima.

Ila huyo mtoto ndo alinifundisha. Mwaka 1 na miezi, kilo 8, anaharisha tangu jana, macho yamedidimia, hatulii, akiona kikombe anakirukia, ukimfinya ngozi ya tumbo inarudi polepole. Hapo ni upungufu wa maji wa kiasi, anatibiwa kwa Mpango B, mililita 75 za ORS kwa kila kilo, yaani 600 ndani ya masaa manne halafu unampima upya. Sasa umeona muda umetoka wapi? Haujatoka kichwani kwako, umetoka kwenye matibabu. Wengi wanajaza tu "ndani ya masaa 24" kila mahali, instrakta akiona anajua umekopi.

Tulianza saa 4 asubuhi, kwa hiyo lengo likawa "ifikapo saa 8 mchana leo mtoto hatakuwa na dalili za upungufu wa maji". Matokeo tarajiwa nikachukua zile dalili nilizokuta nikazigeuza: macho hayajadidimia, ametulia, anakunywa bila pupa, ngozi inarudi papo hapo, nikaongezea amekojoa angalau mara moja. Ndo maana kama asubuhi hukuifinya ngozi ukaandika, mchana huna cha kulinganisha.

Saa 8 ikafika, katulia, kakojoa, ila macho bado yamedidimia na ngozi bado inarudi polepole, maana alitapika katikati tukasubiri dakika 10 ndo tukaendelea taratibu. Nikataka kufuta lengo ili kea plani ipendeze, nesi wa zamu akanizuia. Nikaandika "limefikiwa kwa sehemu", nikataja dalili mbili zilizobaki, Mpango B ukarudiwa, lengo jipya saa 12 jioni.

Angalizo, mtoto mwenye utapiamlo mkali macho na ngozi vinadanganya, na hata hayo maji hapewi kwa mpango huu, kwa hiyo usikopi ya kwangu.

Na usiandike "mama ataelewa", kuelewa utakupimaje? Mimi niliweka "kabla ya kuruhusiwa, mama atachanganya pakiti moja ya ORS kwenye lita 1 ya maji safi mbele yangu na atataja dalili 3 za kumrudisha mtoto". Alitaja mbili, kinyesi chenye damu na kushindwa kunywa, ya tatu tukarudia kufundishana.