Barabara ya Mombo kwenda Soni na y = mx + c

Mwanafunzi, Korogwe: Wakuu, x ni kilomita kutoka Mombo, y ni kimo kwa mita. Swali limetoa (2, 460) na (5, 640). Mlinganyo napataje?

Fundi ramani, Tanga: Anza na mteremko. Kimo kimepanda 640 − 460 = 180, umbali umeongezeka 5 − 2 = 3, kwa hiyo m = 180 ÷ 3 = 60, yaani mita 60 kwa kila kilomita. Ukianza na nukta ya pili juu, anza nayo na chini pia. Ukichanganya utapata −60, na barabara itakuwa inashuka kuelekea milimani.

Mdau, Muheza: Halafu c ni 460, pale unapoanzia.

Fundi ramani, Tanga: Ingekuwa hivyo kama x ingekuwa 0 pale. Hapa tayari ni 2. Weka nukta: 460 = 60 × 2 + c, c = 340, hivyo y = 60x + 340. Hakiki kwa nukta nyingine: 60 × 5 + 340 = 640. Ingekuwa c = 460, ungepata 760.

Dereva, Lushoto: Mita ya gari inahesabu njia yenyewe inavyopanda, si umbali wa mlalo. Na zile kona?

Fundi ramani, Tanga: Kwa mpando wa mita 60 kwa kilomita, tofauti haifiki mita 2 kwa kilomita. Ila barabara haipandi sawasawa, kwa hiyo 60 ni wastani wa kipande hiki tu. Usiutumie kukisia kimo cha Lushoto.

Dereva, Lushoto: Bado naona mpando wa pale Soni ni mkali zaidi.