Maswali yenu ya wali wa sherehe: maji, moto na kuuacha utulie

Wiki hii nimechagua ya wali tu, kwa sababu msimu wa kipaimara na harusi umeanza na naona maswali ni yale yale.

"Habari, naomba kujua wali wa watu wengi unawekwa maji kiasi gani? Asante." (Msomaji, Sakina)

Kilo ngapi? Mchele gani? Sufuria la lita ngapi, kuni au gesi? Jamani, mi siko jikoni kwako. Ukiniambia hayo ntakujibu, saivi soma jibu la huyu anayefuata maana yeye kaandika kila kitu.

"Shikamoo. Nina kipaimara Moshi, watu 150, nimenunua kilo 15 za mchele wa Mbeya wa mwaka jana. Nyumbani naweka vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele, nikipiga hesabu inakuja lita 36. Ni sawa?" (Mama wa Pasua)

Marahaba. Lita 36 mama utapata bokoboko, tena la kugawa kwa upawa. Hapo ndo watu wengi wanaangukia, wanachukua kipimo cha nyumbani wanakizidisha mara kumi na tano. Mchele wenyewe unakunywa maji karibu sawa na ujazo wake, na kilo 15 ni kama lita 18 hivi. Yale mengine unayoweka nyumbani yanaondoka kwa mvuke, kwa sababu kisufuria kidogo kina uso mpana ukilinganisha na kilichomo ndani. Sufuria kubwa lililofunikwa vizuri linapoteza kidogo sana, kwa hiyo maji yanabaki humo humo na wali unayanywa yote upende usipende.

Kwa mchele wako mkavu wa mwaka jana anza na lita moja na nusu kasoro kidogo kwa kilo, yaani ndoo ya lita 20 na jagi moja la lita juu yake, lita 21. Ungekuwa mchele mpya wa juzi juzi kutoka shambani ningekwambia ushuke mpaka lita 18 au 19, maana huo bado una unyevu wake. Ukiloweka punguza pia, na sioni sababu ya kuloweka kilo 15. Pembeni weka birika la maji ya moto la lita mbili tatu, hayo ndo ya kuongezea. Kuongeza unaweza, kupunguza ndo hamna namna.

Sufuria liwe la lita 60 kwenda juu, mchele ukiiva unajaa karibu mara tatu. Chemsha maji na chumvi na mafuta kidogo, onja, yawe na chumvi ya kusikika kama mchuzi. Yachemke kweli kweli, siyo yale ya kutoa vipovu pembeni, maana kilo 15 za mchele zikiingia zinayapoza, na mchele ukikaa kwenye maji ya uvuguvugu muda mrefu unaanza kutoa uji. Mwaga mchele uliooshwa na kuchujwa, sambaza, koroga mara moja, funika, chochea kuni mpaka yarudi kuchemka. Baada ya hapo usiondoke. Maji yakishuka yakawa sawa na mchele na unaona vishimo vya mvuke juu, geuza kutoka chini kwenda juu taratibu, halafu vuta kuni zote. Zote, usiache hata moja ikiwaka. Bakisha makaa kidogo chini, mengi zaidi palia juu ya mfuniko, nusu saa. Kisha toa sufuria motoni kabisa, makaa ya juu yapukute, acha dakika 20 bila kufungua.

Hizo dakika 20 ndo watu wanaziiba kwa sababu mc ameshasema chakula kiko tayari. Wali ukipakuliwa pale pale chembe zinavunjika na za juu zinakuwa na maji wakati za katikati bado ngumu. Ukitulia unyevu unagawanyika, na hata ule ulioshika chini unaachia. Mwambie mc aimbishe wimbo mwingine.

"Unageuzwa mara ngapi?" (Himo)

Mara moja, ikizidi mbili. Anayegeuza kila dakika tano anapika uji.

"Juzi msibani tulipika kilo 30 kwenye sufuria moja, chini ukaungua, juu mbichi. Tungefanyaje?" (Kaka wa Usa River)

Pole kwa msiba. Kwanza kilo 30 mngegawa sufuria mbili. Wali ukiwa na kina kirefu ule wa chini unabanwa na uzito, njia za mvuke zinaziba, juu hakufiki kitu. Mtu akiona juu pabichi anachochea moto, na maji chini yameshaisha, kwa hiyo anaunguza tu. Kumbuka maji yakishakauka kinachoivisha wali ni mvuke, moto kazi yake imeisha.

Dalili unazisikia kabla ya kuziona. Chini kukianza kutatarika kavu kavu na harufu ya ukoko ikaja, vuta moto saa hiyo hiyo. Ikiwa ni ukoko wa kawaida acha ulivyo. Ikiwa ni harufu ya kuungua kabisa usigeuze hata kidogo, kwangua ule wa juu uhamishie sufuria lingine na wa chini uuache hapo hapo, ukichanganya sufuria zima litanuka. Huo wa juu mbichi toboa mashimo kwa mpini wa mwiko mpaka chini, nyunyizia maji ya moto yenye chumvi kidogo kidogo, vikombe vitatu vinne, siyo ndoo. Juu yake tandika majani ya mgomba yaliyobabuliwa, huku kwetu hayakosekani, funika, palia makaa juu. Robo saa angalia. Maji ya baridi usiweke, yanapoza sufuria zima na chembe zinapasuka nje huku kiini kikibaki kigumu.

"Kufunika na mfuko wa nailoni ili mvuke usitoke kuna shida?" (Njiro)

Kuna shida, na nimeshasema hadi nimechoka. Mvuke wa moto na mafuta juu ya plastiki isiyotengenezwa kwa ajili ya jikoni, halafu unawalisha watoto wa watu. Na mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, sijui hata mnaitoa wapi. Majani ya mgomba au kitambaa safi cha pamba kilicholowa, basi.

"Nimehamia Arusha kutoka Dar, mbona wali unachelewa kuiva?" (Majengo)

Uko juu, kama mita 1,400 hivi. Maji huku yanachemka kwenye nyuzi 95 na siyo 100, kwa hiyo yanatokota lakini hayana joto lile la pwani. Kuongeza kuni hakusaidii, ongeza muda wa kupalia dakika kumi na mfuniko uzibe vizuri, kama una kibonde weka jiwe juu.

"Wali ulibaki nusu sufuria, ukalala humo humo. Asubuhi tukipasha si unafaa?" (Majengo, Moshi)

Haufai, mwageni. Kuna vijidudu vyenye mbegu zisizokufa kwa kuchemshwa, wali ukikaa vuguvugu vinaamka na kutoa sumu, na hiyo sumu kupasha hakuitoi. Sufuria kubwa linakaa vuguvugu usiku mzima hata Moshi ikiwa na baridi. Siku nyingine mabaki yatandazwe kwenye sinia pana mara tu watu wakimaliza kula, yapoe haraka, ndani ya saa moja mbili yaingie kwenye friji, na kama friji hamna wapeni majirani waondoke nayo yakiwa bado ya moto, wayale jioni hiyo hiyo.