Mkataba wa musharaka na mkopo wa riba: tofauti iko kwenye kifungu cha hasara

Swali: Assalaam alaykum. Nina karakana ya samani na nataka kuipanua kwa miaka mitatu. Benki isiyotoza riba imekubali kuingia nami ubia wa musharaka: yenyewe itatoa milioni 6, mimi milioni 4, na faida tutagawana 45 kwa 55. Lakini rasimu inasema faida inayotarajiwa ya benki ni 12% kwa mwaka, na kwamba mwishoni nitanunua hisa ya benki kwa thamani yake ya awali. Je, huu una tofauti gani na mkopo wa kawaida wa 12%? Na tukipata hasara, nani anailipa?

Jibu: Waalaykumu ssalaam, ndugu. Nitaanza na hasara, kwa sababu hapo ndipo mikataba hii miwili inapoachana. Katika mkopo, fedha zikishatoka kwa mkopeshaji zinakuwa zako pamoja na hatari yake yote. Anachobaki nacho yeye ni deni juu yako, na deni hilo haliulizi kama samani zimeuzwa au zimeoza ghalani. Katika musharaka hakuna deni. Milioni 6 za benki zinachanganyika na milioni 4 zako na kuwa mtaji mmoja, na kila mbao, mashine na fedha iliyomo ni mali ya wote wawili kwa uwiano wa 60 kwa 40. Mali hiyo ikipungua bila kosa la yeyote, imewapungukia wote wawili kwa uwiano huohuo.

Faida na hasara hazifuati kanuni moja. Hasara hufuata mtaji bila ubaguzi, na hata mkikubaliana vingine kwa maandishi, makubaliano hayo hayana nguvu kisheria ya Kiislamu. Faida, kwa rai ya wanazuoni wa Hanafi na Hanbali ambayo ndiyo iliyochukuliwa na viwango vya AAOIFI, shirika lenye makao yake Bahrain linaloweka viwango vya taasisi za fedha za Kiislamu, inaweza kugawanywa kwa uwiano mwingine mtakaokubaliana. Ndiyo maana benki yenye 60% ya mtaji inaweza kuchukua 45% tu ya faida: wewe ndiye unayeendesha karakana, na nyongeza yako ni malipo ya kazi hiyo. Kinyume chake hakiruhusiwi, yaani mshirika aliyeweka sharti kwamba hatafanya kazi hawezi kupewa sehemu ya faida inayozidi sehemu yake ya mtaji.

Tuchukue namba zako na tuzipitishe katika miaka mitatu yenye hali tofauti, upande mmoja ukiwa ubia, upande mwingine mkopo wa milioni 6 kwa riba ya 12%, yaani 720,000 kila mwaka, ambao deni lake la msingi linarejeshwa lote mwishoni. Mwaka wa kwanza karakana inapata faida ya 2,000,000. Katika ubia benki inachukua 900,000 nawe 1,100,000. Katika mkopo ungelipa riba na kubaki na 1,280,000. Ni vyema ulione hili mapema: katika mwaka mzuri ubia ni ghali kuliko mkopo, na asiyekuambia hivyo hajakueleza mkataba wote. Mwaka wa pili faida inashuka hadi 600,000. Benki inapata 270,000 nawe 330,000, wakati katika mkopo riba ingemeza faida yote na kukudai 120,000 zaidi kutoka mfukoni mwako. Mwaka wa tatu oda zinafutwa na karakana inapata hasara ya 1,500,000. Katika ubia mtaji unashuka kutoka milioni 10 hadi milioni 8.5. Katika mkopo hasara yote ni yako, riba ya mwaka huo ni yako, na milioni 6 zinadaiwa kamili.

Sasa mnafunga hesabu, na hapa ndipo washirika wengi hugombana. Mtu wa haraka atasema: hasara ya 1,500,000 igawanywe 60 kwa 40, benki ibebe 900,000 nami 600,000, na faida za miaka miwili ya kwanza kila mtu abaki nazo. Hiyo si sahihi kama ubia ulikuwa mmoja wa miaka mitatu. Kanuni ni kwamba faida ni ngao ya mtaji: hakuna faida ya kweli mpaka mtaji wote umerudi, na kila kilichochukuliwa njiani kilikuwa malipo ya awali yanayosubiri hesabu ya mwisho. Kwa hiyo unajumlisha miaka yote mitatu: 2,000,000 na 600,000, ukitoa 1,500,000, inabaki faida halisi ya 1,100,000. Sehemu ya benki ni 495,000 na yako ni 605,000. Benki inastahili jumla ya 6,495,000. Ilishachukua 1,170,000, basi katika milioni 8.5 zilizobaki inachukua 5,325,000. Wewe unastahili 4,605,000, ulishachukua 1,430,000, na unamaliziwa 3,175,000. Kwa njia ya haraka ungeondoka na 225,000 zaidi, zilizotoka katika mtaji wa benki.

Njia ya haraka huwa sahihi katika hali moja tu: pale mkataba unaposema kwamba kila mwisho wa mwaka mali yote inathaminiwa, ubia unahesabiwa kuwa umefungwa na faida imegawanywa moja kwa moja, kisha ubia mpya unaanza kwa mtaji uliothaminiwa. Mipango yote miwili inakubalika. Kisichokubalika ni mkataba ulionyamaza, kwa sababu mwaka mbaya ukija kila upande utachagua tafsiri inayoupendelea. Rasimu yako iseme wazi ni upi.

Kwa mfano huohuo, mkopo ungekuachia nini? Karakana imepata faida halisi ya 1,100,000 na riba ya miaka mitatu ni 2,160,000, kwa hiyo baada ya kazi ya miaka yote hiyo mtaji wako ungekuwa umepungua kwa 1,060,000, huku mkopeshaji akiwa hajapoteza kitu.

Turudi kwenye vifungu viwili ulivyovitaja. Cha 12% kinaweza kuwa halali au kuwa riba kamili, kutegemea kinafanya kazi gani. Benki ina haki ya kukisia mapato yake, na hata kuandika makisio hayo, mradi yabaki makisio. Mnaweza pia kukubaliana kwamba faida ikivuka kiwango fulani, ziada yote au sehemu yake iwe yako kama motisha. Kinachobatilisha ni sharti linaloelekea upande wa chini: kwamba faida isipofika 12% utafidia pengo, au kwamba benki itachukua 12% ya mtaji wake kwanza ndipo uwiano utumike. Angalia msingi wa asilimia yenyewe. Asilimia 45 ya faida inapanda na kushuka pamoja na faida, na ikikosekana faida ni sifuri. Asilimia 12 ya mtaji ni kiasi kinachojulikana siku ya kusaini. Mtu anayejua siku ya kusaini atapata kiasi gani ni mkopeshaji, mkataba uitwe utakavyoitwa.

Kifungu cha pili kinanisumbua zaidi, kwa sababu kinaonekana cha kawaida. Ukiahidi leo kununua hisa ya benki kwa milioni 6 zilezile mwishoni, umeidhaminia mtaji wake. Katika mfano wetu, ubia unapofungwa benki inastahili 5,325,000 tu, lakini kwa ahadi hiyo utailipa 6,000,000. Tofauti ya 675,000 ni hasara yake uliyoibeba wewe. Suala hili limewahi kutikisa soko kubwa la hatifungani za sukuk, na mwaka 2008 bodi ya sharia ya AAOIFI ilitoa tamko kwamba mwendeshaji au mshirika asiahidi kununua mali ya ubia kwa thamani ya awali. Anaweza kuahidi kununua kwa bei ya soko, kwa thamani itakayotolewa na mthamini wakati huo, au kwa bei watakayokubaliana siku ya kununua.

Huenda benki itakujibu kwamba inahitaji kinga. Inayo, na ni ya haki. Mshirika anayeendesha ni amini wa mali, na amini halipi kilichopotea ila kwa kosa lake: kuvuka mipaka ya mkataba, uzembe, au kukiuka sharti waliloafikiana. Benki inaweza kukutaka rehani au mdhamini kwa ajili ya makosa hayo pekee. Kwa hiyo kama mkataba unakataza kuuza kwa mkopo bila idhini nawe ukauza, mteja akatoweka, hasara ni yako. Oda zikifutwa kwa sababu soko limeanguka, rehani haiguswi. Soma maneno ya kifungu cha rehani: kikisema inauzwa mtaji “usiporejeshwa kwa sababu yoyote”, kimerudi kuwa dhamana ya mkopo.

Yako mambo mawili ya hesabu ya kumaliza kabla ya kusaini. Kama sehemu ya milioni 4 zako ni mashine, zithaminiwe siku ya kuingia na nyote mkubali bei hiyo, kwani ndiyo inayoamua kama wewe ni mwenye 40% au mwenye 30%. Kisha mkubaliane matumizi gani yanaondolewa kabla ya faida kugawanywa. Mbao, ujira wa mafundi, umeme, kodi ya jengo na uchakavu wa mashine kwa kawaida huingia. Mshahara wako hauingii ndani ya mkataba wa ubia, kwa sababu kazi yako imeshalipwa kwa 15% ya faida unayozidishiwa juu ya 40% ambayo ungepata kwa mtaji wako peke yake. Ukitaka mshahara, uwe na mkataba wa ajira unaojitegemea, na uwiano wa faida ujadiliwe upya. Fungua pia akaunti ya karakana pekee. Fedha za ubia zikichanganyika na za nyumbani, hutaweza kuonyesha kwamba hasara ilitoka sokoni, na hapo ndipo tuhuma ya uzembe hupata mahali pa kushika.

Benki ikikataa kuondoa vifungu vile viwili na badala yake ikupendekeze murabaha, yaani inunue mashine na kukuuzia kwa bei ya juu unayolipa kwa awamu, ujue kwamba hiyo ni biashara halali lakini si ubia: bei ni deni lako tangu siku ya mauzo, na karakana ikipata hasara unaendelea kulipa. Ikikubali kurekebisha, omba kifungu cha ununuzi kisomeke hivi: “Mwisho wa muda wa ubia, mshirika wa pili anaweza kununua hisa ya mshirika wa kwanza kwa bei watakayokubaliana siku hiyo, wasipoafikiana, kwa thamani itakayotolewa na mthamini huru waliyemchagua pamoja.”