Kina kimoja katika ukawafi bila kurudia maana

"Ukawafi wangu kila mshororo unaishia -ni, lakini wasomaji wanasema narudia jambo moja. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, nadhani tatizo ni -ni ya mahali. Mjini, pwani, nyumbani, njiani: zinakuja haraka, na kila mshororo unabaki kutaja mtu alipo. Hiyo itumie mara moja tu kwa ubeti, kisha kina kibebwe na neno la aina nyingine. Tazama huu wa vipande vitatu, mizani 6, 4 na 5:

Jahazi latweka, tanga juu, latoka pwani,
Mama asimama, kimya tele, amwita nani?
Upepo wavuma, moyo mbio, hana amani,
Mwana asafiri, nyote ndugu, dua ombeni.

Mahali, swali, hali ya moyo, kisha amri kwa wengi. Sauti ni ileile, ila kila mshororo umesogeza kisa. Vina vya ndani nimeviacha huru makusudi, maana ukivifunga navyo utalazimika kujaza maneno.

Ukimaliza ubeti, funika vipande viwili vya mwanzo na usome cha tatu peke yake, toka juu hadi chini. Viwili vikiweza kubadilishana nafasi bila kuharibu kitu, kimoja hakina kazi, kiandike upya.