Picha imepotea na mteja yuko kwenye kiti: muulize hivi mpaka uione staili

Nyie mlioanza saluni juzi juzi hii ni yenu, maana kuna siku mteja atakuja na hela yake mkononi, nywele kashanunua, halafu anakwambia dada picha niliyokuwa nayo imepotea, simu imezima haiwaki tena, lakini nitakuelekeza. Hapo wengi mnasema sawa mama, mnachukua sindano, na baada ya saa tatu ugomvi.

Kwanza msaidie kidogo kuitafuta, sio dakika 40. Muulize kama alishamtumia mtu WhatsApp, amwombe airudishe. Kama aliifuta tu mwenyewe kwenye aifoni, kuna sehemu imeandikwa Recently Deleted, picha inakaa humo kama siku 30. Ikishindikana achana nayo. Na msikimbilie kutafuta picha nyingine inayofanana, mteja akiiona nzuri anahama, anaanza kutaka ya huyo dada wa pili mwenye nywele tofauti kabisa na alizonunua.

Nawapa ya mteja wangu mmoja hapa Moshi, saluni yetu iko njia ya Mbuyuni. Alikuja Alhamisi, sendofu ya mdogo wake Jumamosi, ana wivingi ya nywele ya binadamu inchi 14. Akasema nataka bobu ya mabegani, njia pembeni, ina mawimbi, ina leya. Sentensi nzuri eeh? Haina kitu hata kimoja unachoweza kukata. Kila neno hapo lina maana tatu.

Nilianza na njia, na mimi siku zote naanza na njia hata kama mteja anataka kuongelea urefu. Wivingi ukiishona na kuacha nywele zake kidogo za kufunikia, njia imeshakaa hapo, huwezi kuihamisha baadaye. Halafu msimuulize kulia au kushoto jamani. Anaangalia kioo, wewe uko nyuma yake, na picha yenyewe huenda ilikuwa selfi ambayo simu nyingine zinaigeuza, kwa hiyo kushoto ziko kama tatu. Nikampa kichana cha mkia, nikamwambia weka ncha pale njia inapoanzia. Akaweka juu ya nyusi, pale inapopinda, upande wa sikio lenye hereni mbili. Nikachora njia kwenye nywele zake mwenyewe, nikamwegemeza nywele upande ule mwingine, akajiangalia, akasema hapana, rudi katikati kidogo. Tukarudi kama upana wa kidole. Hapo hata sindano sijashika.

Urefu sasa. "Mabegani" ni neno lililonipa hasara siku za nyuma. Kuna dada nilimkata mabegani kweli, ila muda wote alikuwa anachati, viwiko kaviweka juu ya mikono ya kiti, mabega yamepanda karibu na masikio, kumbe mimi nafuata bega. Alipoinuka akashusha mikono, nywele ikabaki hewani huko juu. Nililipia nywele nyingine. Tangu siku hiyo simu inawekwa chini, miguu sakafuni, mgongo umenyooka, namwambia gusa kwa kidole pale ncha ya nywele inapoishia. Huyu wa sendofu alisema mabegani lakini kidole kilisimama chini kidogo ya taya, vidole vitatu juu ya bega! Yeye bobu yoyote isiyofika mgongoni anaiita ya mabegani. Nikachukua penseli ya nyusi nikamwekea kadoa kadogo shingoni, kushoto na kulia, usawa mmoja.

Halafu nikachukua utepe wa fundi cherehani, nikapima kutoka kwenye njia mpaka kwenye kadoa. Upande mdogo ulitoka inchi 10, upande mkubwa 12, kwa sababu nywele ya upande mkubwa inavuka kichwa kwanza ndio ishuke. Ndio maana ukikariri "bobu ni inchi 10" ukakata pande zote hivyo hivyo, upande mmoja unapanda. Fuata kadoa, sio namba.

Mawimbi nayo yana ukubwa. Nina kalamu, chupa ya soda na kidole gumba changu, nauliza wimbi lilikuwa kama nywele imezungushiwa kipi. Kalamu ni vipindapinda vidogo vya kubana, kidole gumba ni wimbi la kawaida, chupa ni mkunjo mpana tu unaolala. Akagusa chupa, akaongeza "ila chini tu, juu imenyooka". Hiyo ilibadilisha kila kitu, maana nywele ikikunjwa inapanda, kwa hiyo wakati wa kukata nilikata ikiwa imenyooka lakini nikaacha vidole viwili chini ya kadoa, ikishakunjwa irudi pale alipogusa. Kwa wenye nywele za asili, zile ngumu za kujisokota, hili ni kubwa zaidi, unaweza kuvuta unywele ukafika begani, ukiuachia unarudi sikioni. Kwa hao uliza kabisa: urefu huo unautaka nywele ikiwa imepigwa draya au ikiwa imejikunja yenyewe? Asipojibu, vuta unywele mmoja mbele yake uuachie, ataelewa.

Leya ndio penye vita. Mmoja akisema leya anamaanisha kisogoni fupi imepandana mbele ndefu, mwingine anamaanisha nywele ipunguzwe unene, mwingine ngazi za kuzunguka uso. Mimi nauliza mawili tu. La kwanza, ukigeuka mgongo shingo inaonekana? Akasema haionekani. Basi kisogo hakiguswi. La pili, nywele fupi kuliko zote pale mbele inaishia wapi, puani, mdomoni au kidevuni? Akasitasita. Nikachukua kipande cha ile wivingi kabla sijakishona, nikakishikilia kwenye njia, nikakikunja kwa ndani bila kukata, kikaishia mdomoni. Akakunja uso. Nikashusha mpaka kidevuni, akacheka, "hapo hapo dada". Nikabana klipu mahali hapo. Kukunja hakuna gharama, mkasi una gharama, wivingi haioti.

Nikamwambia na kitu kimoja ambacho hakukipenda, kwamba leya za utosini sitamkatia. Kwenye wivingi ukikata fupi zile za juu, mishono ya chini inachungulia, hasa upepo ukipiga. Akanuna kidogo, nikamfunulia mishono aione kwenye kichwa cha mwenzake aliyekuwa pale (alikubali, msifunue watu hovyo), akaacha.

Ndio nikashona, nikakata mbele mwisho, kidogo kidogo, nanyanyua nywele mbele kidogo tu, kwa sababu ukinyanyua juu sana leya zinapanda kuliko ulizokunja. Saa tano asubuhi mpaka saa tisa kasoro.

Wiki iliyofuata simu ikapona, akanitumia ile picha. Njia ilikuwa upande ule mwingine kabisa, na leya zinaanzia mdomoni. Nikamuuliza nirekebishe? Akasema we dada niache, hii nimeizoea. Kwenye daftari langu nimeandika: njia juu ya nyusi, hereni mbili, toka katikati vidole vitatu, ncha chini ya taya, mkunjo chupa, chini tu, mbele kidevuni, kisogo usiguse.