Faili linakatika likifika GB 4

"Nipo Ngamiani, Tanga. Faili la GB 5.6 nalishusha moja kwa moja kwenye flashi ya GB 32. Mara tatu limekatikia GB 4, linaandika Failed - Network error. Nafasi ipo tele, bando ndilo limekwisha!"

Pole ndugu. Ingekuwa mtandao, leo lingekatikia GB 1, kesho GB 3. Kugota palepale mara tatu ni flashi hiyo. Ingia This PC, bofya kulia kwenye flashi, chagua Properties, soma File system. Ikiwa FAT32, faili moja halivuki GB 4 hata flashi iwe tupu, na kivinjari kikishindwa kuandika mara nyingine husingizia mtandao.

Shushia kwenye C: kama pana nafasi. La sivyo, nakili vilivyomo pembeni kwa tahadhari, fungua Command Prompt kwa Run as administrator, weka herufi ya flashi yako:

```
convert E: /fs:ntfs
```

Itakuuliza jina la flashi, andika lilelile. Ila redio ya gari huenda ikaikataa baadaye.

– Zima antivairasi tu, mie nilizima ikakubali.

– Yawezekana kwako, kaka. Mara nyingi hiyo huzuia mwishoni, ikikagua faili zima.

– Na mie simu yangu hukata mvua ikinyesha Chumbageni, ni FAT32?

– Hapana mama, huo sasa ndio mtandao.

– Nimeangalia, FAT32 kweli. C: imebaki GB 3, na flashi ni ya shemeji, ina nyimbo za gari lake.